Uchovu wa mkimbiaji na chuma kilichoisha mwilini

*"Daktari, shikamoo. Mimi ni mwanamke wa miaka 31, mwalimu wa shule ya msingi hapa Arusha na nakimbia marathoni. Tangu mwaka jana nachoka mno, hata mbio za pole zinanishinda. Nilichanja UVIKO mwaka 2021, dozi ile moja, ya nyongeza sikwenda. Wenzangu wa mazoezi wanasema kinga imeisha ndiyo maana mwili umelegea. Duka la dawa walinitoboa kidole wakasema damu ni 12.4, ipo ya kutosha. Nikichoma ya nyongeza, nguvu zitarudi?"*

Marahaba, mdogo wangu. Hazitarudi kwa njia hiyo. Kama kuna kipimo kimoja ningekuomba ukifanye wiki hii, ni feritini, yaani kipimo cha akiba ya madini ya chuma mwilini. Ile 12.4 ya duka la dawa haijaligusa swali hilo kabisa.

Niimalize habari ya chanjo kwanza, kwa sababu naona imekukaa moyoni. Chanjo huufundisha mwili kukitambua kirusi. Miezi inavyokwenda, kingamwili hupungua kwenye damu, na dozi ya nyongeza huzipandisha tena. Zikipungua, unachopoteza ni sehemu ya ulinzi: ni rahisi zaidi kuambukizwa kirusi kikikupata. Lakini misuli haikimbii kwa kingamwili. Mtu ambaye hakurudia chanjo na hajaugua hana sababu ya kuishiwa pumzi kwenye kilima alichokuwa akikipanda akiongea. Tena sindano yenyewe huwachosha wengi kwa siku moja au mbili baada ya kuichoma. Kitu kinachoweza kuacha uchovu wa muda mrefu ni ugonjwa wenyewe wa UVIKO, kwa hiyo jiulize kama uchovu wako ulianza baada ya homa, kikohozi au kupoteza uwezo wa kunusa. Kama ndivyo, mwambie daktari atakayekuona. Kama sivyo, tuendelee na chuma.

Nitakusimulia habari ya mwanamke mmoja mkimbiaji niliyemtibu, kwa idhini yake, nikiwa nimebadilisha mambo ambayo yangeweza kumtambulisha. Alikuja kwangu na swali linalokaribiana sana na lako, na alichukua muda mrefu kufika kwenye jibu kwa sababu kila aliyemzunguka alikuwa ameshampa jibu jingine.

Alikuwa na miaka 29, muuza vitambaa, anajiandaa kwa kilomita 42 za mbio za Kilimanjaro zinazokimbiwa pale Moshi karibu na mwisho wa Februari. Alikuja Oktoba. Aliketi, akaweka mkoba mapajani, akaniambia moja kwa moja: "Daktari, naomba uniandikie dozi ya nyongeza. Nimechelewa mno, mwili umeanza kuniadhibu."

Nilimwomba anionyeshe huo mwili unavyomwadhibu. Alitoa daftari la mazoezi, na hapo ndipo habari ilipoanza kunoga, maana wakimbiaji wanaoandika humsaidia daktari kuliko mashine nyingi. Mwezi wa tatu mwaka ule alikuwa akikimbia mbio zake za pole kwa dakika 5 na sekunde 40 kila kilomita, na saa yake ya mkononi ikionyesha mapigo ya moyo 142 kwa dakika. Mwezi wa tisa, njia ileile, mapigo 144, kasi ilikuwa imeshuka hadi dakika 6 na sekunde 30. Moyo unafanya kazi ileile, miguu inakwenda polepole zaidi. Akijilazimisha kurudi kwenye kasi ya zamani, mapigo yalikuwa yanapanda kupita 160 na pumzi inakata. Mtu aliyechoka kwa kukosa usingizi anaweza kuwa na siku mbaya kisha nzuri. Huyu alikuwa anateremka mwezi baada ya mwezi bila kupanda hata mara moja.

Nikamuuliza mambo ya nje ya mbio. Alikuwa anapanda ngazi za dukani akisimama katikati. Usiku miguu ilikuwa inamsumbua, haitulii, anaisogeza mpaka shuka inavurugika. Nywele zilikuwa zinabaki kwenye kitana. Kisha nikamuuliza swali ambalo wengi huona aibu kulijibu: "Kuna kitu kisicho chakula ambacho unakitamani?" Alinyamaza kidogo, akafungua mkoba, akatoa kifuko cha nailoni chenye vipande vya udongo wa kula, ule unaouzwa sokoni. Alisema alianza kuula katikati ya mwaka, na kwamba mvua ikinyesha, harufu ya vumbi lililoloa humjaza mate mdomoni.

Hamu hiyo ya udongo, na kwa wengine barafu, mara nyingi huambatana na upungufu wa chuma. Wengi hudhani ni ya wajawazito tu. Kibaya zaidi, aina nyingi za udongo hushika chuma tumboni na kukizuia kisinyonywe, kwa hiyo anayeula kwa sababu ya upungufu anaweza kuuongeza.

Sasa tuje kwenye namba, kwa sababu yeye pia alikuwa ameambiwa damu ipo. Hemoglobini yake, yaani kile kipimo cha damu ulichofanyiwa duka la dawa, ilikuwa 12.2. Shirika la Afya Duniani huhesabu mwanamke asiye mjamzito kuwa na upungufu wa damu akiwa chini ya gramu 12 kwa desilita. Kwa kuangalia mstari huo peke yake, amepita. Lakini mstari huo umechorwa kwa mtu anayeishi usawa wa bahari. Arusha iko kama mita 1,400 juu. Mwili unaoishi juu hutengeneza damu nzito zaidi, kwa sababu hewa ni nyepesi, na ndiyo maana kabla ya kulinganisha unatakiwa kuondoa zaidi ya nusu gramu kutoka kwenye namba uliyoipata. Ukiiondoa kwenye 12.2 yake, yuko chini ya mstari. Ukiiondoa kwenye 12.4 yako, nawe unafika palepale mpakani au chini yake. Kipimo cha kidole nacho huyumba: tone likikamuliwa kwa nguvu huchanganyika na maji ya ngozi na kubadilisha jibu.

Kuna jambo la kuvuta upande wa pili pia. Mtu anayefanya mazoezi ya muda mrefu huongezeka maji ya damu, na hilo hushusha hemoglobini kwenye karatasi bila kuwa na ugonjwa wowote. Kwa hiyo kwa mkimbiaji wa nyanda za juu, hemoglobini inaweza kudanganya pande zote mbili. Inaweza kumficha mgonjwa, na inaweza kumtisha mzima. Hapo ndipo feritini inapohitajika.

Fikiria nyumba yenye ghala la mahindi nyuma na chungu jikoni. Hemoglobini ni chungu, feritini ni ghala. Ghala linaweza kufagiliwa hadi sakafuni huku chungu bado kinachemka, na mgeni anayechungulia jikoni tu ataondoka akisema nyumba hii ina chakula. Mwili hufanya hivyohivyo: hutumia akiba yote kulinda damu kwanza, na damu hushuka mwishoni. Katika kipindi hicho cha kati misuli inaweza kuwa imeshaanza kupungukiwa, kwa sababu chuma hakiko kwenye damu pekee. Kipo pia ndani ya chembe za misuli, kwenye vimeng'enya vinavyochoma sukari na mafuta kwa oksijeni ili kupata nguvu. Mtu wa kawaida anaweza kuishi miezi katika hali hiyo asijue. Mkimbiaji wa marathoni anajua mapema, kwa kuwa yeye huutumia mtambo huo hadi mwisho wa uwezo wake.

Nilimwandikia picha kamili ya damu, ile inayoandikwa FBP kwenye fomu, pamoja na feritini na kipimo cha uvimbe mwilini kinachoandikwa CRP. Nilimwomba apumzike siku mbili bila mazoezi makali kabla ya kutolewa damu. Usilipuuze hilo utakapokwenda wewe. Feritini hupanda mtu anapokuwa na homa, malaria, mafua, au misuli iliyochanika kutokana na mbio ndefu. Ukipima Jumatatu baada ya kilomita 30 za Jumapili, unaweza kupata namba nzuri ya uongo. CRP ndiyo inayokuonyesha kama feritini imepandishwa na kitu kingine.

Majibu yake: feritini 8, CRP ya chini, na ile namba inayoandikwa MCV, yaani ukubwa wa chembechembe nyekundu, ilikuwa 78 wakati kawaida huanzia kama 80. Feritini huandikwa kwa mikrogramu kwa lita au ng/mL, na namba ni ileile. Kwa mtu mzima asiye na maambukizi, Shirika la Afya Duniani linahesabu chini ya 15 kuwa akiba imeisha. Madaktari wengi wa michezo hawasubiri ifike huko, huanza kuchukua hatua mkimbiaji anapokuwa chini ya 30 au 35, hasa akiwa na dalili. Yeye alikuwa na 8. Chembechembe zake zilikuwa zimeanza kuwa ndogo, ishara kwamba kiwanda cha damu kilikuwa kinafanya kazi na malighafi pungufu kwa muda sasa.

Nilipomwambia, alinitazama akauliza: "Kwa hiyo si chanjo?" Nikamjibu si chanjo. Akauliza tena, safari hii taratibu: "Basi chuma changu kimekwenda wapi?"

Hilo ndilo swali ambalo nakuomba nawe usiliache kwenye meza ya daktari bila kujibiwa. Vidonge vya chuma ni rahisi kuandika. Ila asiyejua kinakovujia atajaza na kupoteza, atajaza na kupoteza.

Tulianza na hedhi. Aliniambia ni ya kawaida. Nikamuuliza kawaida ikoje. Siku nane. Siku mbili za mwanzo anabadilisha pedi kila baada ya saa moja au mbili, usiku anaamka, na anatoa mabonge. Hiyo ni hedhi nzito, na kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa ndiyo njia kubwa kuliko zote ya kupotezea chuma. Nilimuuliza kama imekuwa hivyo tangu ujana. Akasema hapana, tangu alipowekewa kitanzi. Aliwekewa lini? Akahesabu kwa vidole: Machi mwaka uleule. Kitanzi cha shaba ni njia nzuri ya uzazi wa mpango na wanawake wengi hukaa nacho miaka bila shida, lakini kinajulikana kuongeza wingi wa hedhi kwa baadhi yao. Wakati huohuo, mwezi uleule, kituo cha afya cha karibu na duka lake kilikuwa kinawaita watu kwa dozi ya nyongeza na yeye hakwenda. Mambo mawili yalitokea pamoja. Lile la chanjo lilizungumzwa na kila mtu, likabaki kwenye kumbukumbu kama sababu. Lile la kitanzi lilikuwa la siri yake, wala hakuna aliyeliuliza.

Kisha tukaja kwenye dawa. Goti lilikuwa linamuuma, na kila baada ya mbio ndefu alikuwa anameza diklofenaki alizonunua bila cheti, mara nyingine kabla ya kuanza kukimbia. Mbio ndefu peke yake hupunguza damu inayokwenda tumboni, na utumbo unaweza kuvuja kidogo bila mtu kuona chochote chooni. Dawa za maumivu za jamii hiyo huongeza uvujaji huo, na zikitumiwa mwili ukiwa umeishiwa maji huweza kuumiza na figo. Nilimsimamisha siku ileile, goti tukalishughulikia kwa mazoezi ya kuimarisha paja na kwa viatu visivyochakaa.

Nyayo zinapogonga lami, baadhi ya chembechembe nyekundu hupasuka, na jasho nalo hubeba chuma kidogo. Ni kweli, lakini ni kidogo. Sipendi mkimbiaji aondoke akidhani lami ndiyo mwizi mkuu wakati ana hedhi ya siku nane.

Minyoo niliitafuta pia, kwa sababu safura bado ipo katika maeneo mengi ya nchi yetu na minyoo yake hunyonya damu kwenye utumbo kimyakimya. Choo chake kilikuwa safi. Wewe kama uliishi au unaishi penye kichocho, na umewahi kuona damu kwenye mkojo, liseme hilo waziwazi.

Mwisho tukaja kwenye chakula, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu bila shaka utafanana naye. Hakuwa anakula vibaya. Alikuwa anakula ugali, maharage, mchicha, nyama mara mbili kwa wiki. Tatizo lilikuwa mpangilio. Alikuwa anakimbia saa kumi na mbili asubuhi, anamaliza saa moja na nusu, anarudi nyumbani na kunywa vikombe viwili vya chai ya maziwa na chapati au viazi. Mchana, saa saba, ndipo mlo wa maana.

Kuna homoni inayoitwa hepsidini inayotengenezwa na ini. Kazi yake ni kufunga mlango wa chuma kwenye utumbo. Baada ya mbio ngumu, homoni hiyo hupanda, na huwa juu hasa kati ya saa tatu na saa sita baada ya kumaliza. Maana yake ni kwamba muda mfupi mara tu baada ya mazoezi, mlango bado uko wazi kiasi. Kufikia mchana umebana. Yeye alikuwa anautumia muda mzuri kwa chai, ambayo ina kemikali zinazoshika chuma cha mimea na kukizuia kisiingie, tena ikiwa na maziwa ambayo kalsiamu yake hufanya kazi ileile. Kisha maharage na mboga, vyakula ambavyo chuma chake ni kigumu kunyonywa tangu awali, vilikuwa vinaliwa muda ambao mlango umefungwa.

Kuhusu mchicha niseme wazi, maana kila mama wa Kitanzania huuagiza akisikia neno damu: una chuma, lakini ndani yake mna vitu vinavyokishikilia, na kinachofika kwenye damu ni kidogo. Dagaa, nyama nyekundu na maini huingia kwa urahisi zaidi. Maini wajawazito wasiyale kwa wingi kwa sababu ya vitamini A nyingi iliyomo. Usiache mchicha. Uule na kitu chenye vitamini C, kama ndimu iliyokamuliwa juu, chungwa au pera, na uweke nyama au dagaa kidogo kwenye sahani ileile, vitasaidia chuma cha mboga kuingia. Chai isogee saa moja au mbili mbali na mlo.

Chakula peke yake, hata hivyo, hakipandishi feritini ya 8 kwa muda unaoweza kumsubiri mkimbiaji. Nilimwandikia vidonge vya feras salfeti vya miligramu 200, ambavyo kila kimoja kina kama miligramu 65 za chuma chenyewe. Kidonge kimoja, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Hakuniamini. Dada yake alikuwa ameandikiwa vitatu kwa siku. Lakini dozi kubwa ya chuma yenyewe hupandisha ile hepsidini kwa karibu siku nzima, kwa hiyo kidonge cha pili siku hiyohiyo, au hata cha kesho yake, hukuta mlango umebanwa. Kinachobaki utumboni hukupa kichefuchefu na choo kigumu, na hapo ndipo wengi huacha dawa wiki ya pili. Kwa mwenye upungufu mkubwa wa damu daktari anaweza kuamua kila siku, huo ni uamuzi wa anayekuona. Kwake yeye siku moja ndiyo, moja hapana, ilitosha.

Alikuwa anakimeza asubuhi kabla ya kukimbia, au mara tu akirudi, kwa maji yenye ndimu, tumbo likiwa tupu. Chai ikasubiri hadi saa tatu. Nilimwonya kwamba choo kitakuwa cheusi na asiogope. Nilimwonya jambo jingine kwa uzito zaidi: ana mtoto wa miaka mitatu nyumbani, na vidonge vya chuma vichache tu vinaweza kumuua mtoto. Vina rangi ya kupendeza na hufanana na peremende. Viwekwe juu, pafungwe.

Kuhusu kitanzi, alizungumza na muuguzi wa uzazi wa mpango. Angeweza kukiacha na kutumia dawa za kupunguza damu siku za hedhi, au kubadilisha na kitanzi chenye homoni. Alichagua kijiti cha mkononi. Ni chaguo lake. Mwanamke mwingine angechagua tofauti na asikosee.

Mazoezi hatukuyasimamisha kabisa. Tulifuta mbio za kasi na vilima kwa wiki sita, zikabaki za pole, akiongozwa na mapigo na si kasi. Hapo alilia kidogo, kwa sababu Februari ilikuwa karibu na alijua maana yake.

Baada ya wiki nne hemoglobini ilikuwa 13.3. Kupanda kwa gramu moja kwa mwezi ni jibu zuri, kunakuambia dawa inaingia na uvujaji umepungua. Hamu ya udongo ilikuwa imekwisha kabla hata ya hapo, na miguu usiku ikatulia. Lakini mbio zilikuwa bado nzito, na wiki ya nane alikuja akiwa amekata tamaa kidogo. Nikamwonyesha feritini yake: 21. Chuma kinachoingia mwanzoni huenda kutengeneza damu, akiba hujazwa baadaye. Ndiyo maana vidonge huendelea kwa miezi karibu mitatu baada ya damu kurudi sawa, na ndiyo maana watu wengi hurudi nyuma: wanajisikia vizuri wiki ya tano, wanaacha, na ghala halijawahi kujaa.

Februari ile alikimbia kilomita 21 badala ya 42. Machi feritini ilikuwa 43, na daftari likaonyesha dakika 5 na sekunde 45 kwa mapigo 143. Karibu alikokuwa mwaka mmoja kabla.

Sasa wewe. Nenda hospitali yenye maabara inayopima feritini. Za wilaya nyingi hazina, za rufaa na binafsi huwa nazo, na uulize bei kabla hujatolewa damu. Omba FBP, feritini na CRP kwa pamoja. Usianze vidonge kabla ya kutolewa damu, kwa sababu vitaharibu maana ya namba. Wala usimeze vidonge vya wajawazito vya jirani yako kwa kubahatisha: kuna watu wenye matatizo ya kurithi ya damu ambao uchovu wao si wa chuma, na chuma kikizidi mwilini hakina njia rahisi ya kutoka.

Andika kabla ya kwenda: hedhi ni siku ngapi na pedi ngapi, njia gani ya uzazi wa mpango na tangu lini, dawa zipi za maumivu, unakula nini saa ngapi, uchovu ulianza mwezi gani. Kama kuna uwezekano wa ujauzito, pima. Na ukipata maumivu ya kifua, kuzirai, choo cheusi kabla ya kumeza chuma, kupungua uzito bila kutaka, au jasho la usiku na kikohozi kisichoisha, usisubiri miadi, nenda siku hiyohiyo. Hayo yana maelezo mengine, na kifua kikuu ni mojawapo.

Feritini yako ikija juu ya 50 na CRP ya chini, basi chuma si tatizo na tutafute kwingine: tezi ya shingo, kula kidogo kuliko unachochoma, mazoezi yaliyozidi mapumziko, sukari, usingizi, huzuni. Ikija kati ya 30 na 50, rekebisha chakula na chai, pima tena baada ya miezi mitatu. Ikija chini ya hapo, zungumza na daktari kuhusu vidonge na tafuteni pamoja kinakovujia. Ukimeza ipasavyo wiki nane na feritini isisogee, usiongeze tu dozi. Daktari atazame upya hedhi, atafute bakteria wa vidonda vya tumbo na damu iliyojificha kwenye choo, na afikirie chuma cha kuwekwa kwa mshipa, ambacho hutolewa hospitalini chini ya uangalizi.

Dozi ya nyongeza iulizie kliniki kama jambo lake peke yake. Wazee, wajawazito, watumishi wa afya na wenye magonjwa sugu ndio hupewa kipaumbele. Kijana mzima kama wewe atashauriwa kulingana na mwongozo uliopo. Ukiamua kuichoma, iache siku chache mbali na mbio ndefu na mbali na siku ya kupima feritini, kwa sababu homa ya sindano nayo inaweza kuipandisha namba hiyo.